Sahihi ya Baba Mkubwa

Mchana mama ni karani wa taipu katika ofisi moja ya serikali hapa Lodwar. Akitoka kazini ni katibu wa kampuni yetu ya lori. Kazi hii ya pili haina mshahara. Alipewa kwa sababu siku kampuni ilipoandikishwa yeye peke yake ndiye aliyejua kupiga taipu na kukaa kimya wanaume wakibishana. Wakili wa Kitale aliyewatengenezea karatasi alimketisha kando akamfundisha: hili ni daftari la wanachama, hili ni la kumbukumbu, notisi inaandikwa hivi, azimio linaandikwa hivi. Mama aliyashika maneno hayo kama watu wanavyoshika sala, bila kuruka hata neno.

Wanachama walikuwa wanne. Wa kwanza ni baba yangu, anayeendesha lori. Wa pili ni shangazi, dada yao, anayekusanya samaki wakavu huko Kataboi. Wa tatu ni mzee mmoja wa Lokichoggio, rafiki yao wa zamani, mwenye ghala la kupokelea mizigo. Wa nne ni baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye alikuwa mwenyekiti na mwenye duka Kakuma, karibu na kambi ya wakimbizi. Mama si mwanachama. Kazi yake ni kuandika tu.

Lori ndilo kampuni yenyewe. Mengine yote ni karatasi. Linabeba samaki kutoka ziwani, linarudi na unga na sabuni, na mbuzi wakiwepo linabeba mbuzi. Karo yangu ilitoka humo, na ya watoto wa shangazi, na ya watoto wa baba mkubwa. Ndiyo maana baba mkubwa mwenyewe, siku ya kwanza kabisa, alimwambia wakili aweke kwenye katiba ya kampuni kwamba lori halitauzwa ila kwa uamuzi wa wanachama. Alisema anawajua ndugu zake.

Mwaka jana wakati wa likizo ya Agosti, baba mkubwa alianza kushindwa kulala chali. Ulikuwa ugonjwa ule unaotoka kwa mbwa, ambao huku kwetu kila boma linaujua: kifuko cha maji kinaota ndani ya mwili na kukua polepole. Wengi hupasuliwa hapa hapa na kupona. Cha kwake kilikuwa kimejificha kifuani, karibu na moyo, na daktari wa Kakuma alisema wazi kwamba yeye hakigusi. Alimwambia baba nje ya wodi, mimi nikiwa nimesimama pale na chupa ya chai. Nairobi kuna mabingwa wa kazi hiyo. Kikipasuka chenyewe kabla ya kufika huko, basi.

Baba akauliza kitapasuka lini.

"Mzee, hata leo. Au baada ya Krismasi. Mimi si nabii," daktari akasema.

Mbuzi wetu walikuwa wameisha kwa kiangazi na kwa wizi. Harambee kanisani ilifanywa, watu wakatoa walichonacho, na walichonacho kilikuwa kidogo. Likabaki lori. Mfanyabiashara mmoja wa Lokichoggio alikuwa akilitaka muda mrefu, na alisema atalichukua siku yoyote, ila wakili wake anataka nakala ya azimio la wanachama, iliyothibitishwa na katibu. Bila hiyo hatoi kitu, kwa sababu aliwahi kununua gari la ndugu wawili kumbe wa tatu hajui.

Kwa hiyo mambo yakaja kwa mama.

Mkutano usingewezekana upesi. Notisi peke yake inakula wiki tatu, na hapo hujahesabu barabara, maana kwenda Kakuma na Lokichoggio, au Loki kama tunavyoiita, magari yalikuwa yanasubiriana ili yaende pamoja na askari kwa hofu ya majambazi. Kuna njia nyingine, mama akasema, na akamwonyesha baba kifungu kwenye ile katiba. Azimio la maandishi. Unaliandika kwenye karatasi, unalizungusha kwa wanachama huko waliko, kila mtu anatia sahihi, na linakuwa na nguvu sawasawa kama wangekaa chini ya paa moja. Baba alifurahi mpaka akapiga meza.

"Lakini sikia," mama akasema. "Mkutanoni wengi wakikubali, wachache wanafuata. Hapa hakuna wengi wala wachache. Lazima wote. Mmoja akikosa, hii ni karatasi ya kufungia sukari."

Baba akasema nani atakosa. Nani atakataa kumwokoa mkubwa wetu?

Mama alipiga taipu Jumamosi, ofisi ikiwa tupu. Nilimsomea nakala kutafuta makosa. Juu aliandika jina la kampuni, halafu kwamba wanachama wote waliotia sahihi hapa chini, wakiwa ndio wote wenye haki ya kupewa notisi na kupiga kura, wanaazimia kwamba lori liuzwe na fedha zitumike kwa matibabu ya mwenyekiti. Chini akaacha mistari minne, kila mmoja na nafasi ya tarehe mbele yake. Nikamuuliza kwa nini hakuandika tarehe juu, maana barua zote huanza na tarehe. Akasema azimio la aina hii halizaliwi siku linapopigwa taipu. Linazaliwa siku ya sahihi ya mwisho. Kila mtu ataandika tarehe yake kwa mkono wake, na akishapata zote atabandika karatasi kwenye daftari la kumbukumbu na kuandika chini kwamba hakuna mkutano uliokaa. Hilo la mwisho alilisisitiza. Wakili alimwambia makatibu wengi hudanganya hapo. Wanaandika kwamba watu walikutana saa nne asubuhi, mwenyekiti akafungua kwa sala, na kumbe hakuna aliyeonana na mwenzake.

Walipoanza kupanga safari ndipo walipokosana. Mama alitaka karatasi ianzie Kakuma, kwa baba mkubwa. Yeye ndiye tusiyejua moyo wake, akasema. Tukishajua lake, wengine ni rahisi.

Baba alikataa. Kwetu mkubwa ndiye hufunga maneno. Wadogo husema kwanza, mmoja baada ya mwingine, na mkubwa akishasikia wote ndipo anaposema neno lake, na jambo limekwisha. Ukimpelekea mkubwa jambo ambalo wadogo hawajalisema, umemtuma kama mtoto. Tena jambo lenyewe linahusu mwili wake. Atatiaje sahihi ya kwanza kabisa, kana kwamba anajiombea?

"Kwenye karatasi sahihi hazina mkubwa," mama akasema.

"Karatasi haina. Sisi tunaye."

Mama akaisukuma karatasi mbele yake. Mimi niliona baba ana haki, na hata sasa sijui kama hakuwa nayo. Alitaka kaka yake aone majina ya wote yametangulia, ashindwe kukataa.

Baba alitia sahihi pale pale mezani, akaandika tarehe. Kesho yake akaenda Kataboi. Shangazi hakuwepo. Alikuwa ameenda kwenye kambi za wavuvi mbali kando ya ziwa, na hakuna aliyejua ni ipi. Baba alikaa kwenye mkeka wa shangazi akisubiri, siku nyingi kuliko alivyotaka, mpaka shangazi akarudi, akasikia habari, akalia, akatia sahihi akilia. Machozi yalidondoka kwenye neno "mwenyekiti". Baba alirudi Lodwar na karatasi ndani ya Biblia ili isikunjike.

Kwenda Loki mama aliomba ruhusa kazini, kwa sababu yule mzee wa ghala alipenda kuelezwa mambo ya karatasi kwa taratibu na baba hana subira. Nami nikachukuliwa, maana shule zilikuwa zimefungwa na mama hakupenda kuwa mwanamke peke yake kwenye lori.

Ukienda Loki lazima upite Kakuma. Hakuna barabara nyingine. Tulifika mchana, magari mengine yakasimama kusubiri askari wabadilishane zamu, na baba akasema tuingie kwa kaka tukamsalimie, itakuwa aibu kupita mlangoni kwake.

Baba mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba mbele ya duka, ameegemea mto. Daktari alikuwa amemruhusu akae nyumbani. Alikuwa amekonda, lakini sauti yake ilikuwa ile ile. Alikuwa akibishana na wateja wawili wa kambini, vijana warefu kutoka Sudan, kuhusu bei ya sabuni, na alipotuona akawaambia sabuni wachukue tu, wageni wamefika.

"Ejok, Karani," akamsalimu mama kwa Kiturkana. Ndivyo alivyomwita sikuzote, Karani, kwa mzaha na kwa heshima pamoja. "Unaenda Loki kufanya nini? Huko hawana hata meza."

Mama alimwangalia baba.

"Nimemtoa apunge upepo," baba akasema.

"Upepo wa Loki ni wa ndege za misaada. Utakupeperushia hiyo leso."

Tukacheka. Mama mkubwa, mke wake, akaleta chai ya maziwa ya unga, nzito, yenye sukari nyingi kama anayoipenda mumewe. Aliniuliza kidato changu, nikamjibu nikiangalia kikombe. Mkoba wa mama ulikuwa kati ya miguu yangu na miguu yake. Ndani ya mkoba kulikuwa na Biblia, na ndani ya Biblia ile karatasi. Baba mkubwa alikuwa akiongea, akisimama katikati ya sentensi kuvuta pumzi, kisha akiendelea pale pale alipoachia. Niliendelea kufikiri mama atauinua mkoba. Mkono wake ulishuka mara moja, nikauona, ukakuna kifundo cha mguu, ukarudi juu.

Askari wakapiga honi. Tukaondoka.

Loki yule mzee wa ghala alikuwa amevuka mpaka na mzigo wa mahindi. Tulimsubiri karibu wiki nzima. Tulilala ghalani juu ya magunia, na ndege zilipotua na kuruka, bati lote lilitetemeka. Baba kila asubuhi alienda kwa yule mnunuzi kumhakikishia kwamba mambo yako njiani. Mzee aliporudi, mama alimweleza kifungu kwa kifungu, mzee akauliza maswali ya maana na yasiyo na maana, kisha akatia sahihi kwa mwandiko mzuri kutushinda sote. Akasema, "Bado ya mwenyekiti tu. Hiyo mmeshaipata."

Ilikuwa imebaki sahihi moja.

Tuliporudi Kakuma kwa baba mkubwa, mara hii hatukunywa chai kwanza. Baba aliitoa karatasi mwenyewe, akampa kaka yake kwa mikono miwili. Baba mkubwa alivaa miwani. Alisoma polepole, kutoka jina la kampuni mpaka chini. Akaangalia sahihi ya baba, ya shangazi, ya mzee. Akasoma na tarehe. Kisha akaiweka juu ya goti na kuulaza mkono juu yake, kama mtu anayezuia isipeperuke, ingawa hakukuwa na upepo.

"Mmefanya vizuri," akasema. "Mmefuata utaratibu."

Baba akamtolea kalamu.

"Hapana."

Baba alidhani hakusikia vizuri. Baba mkubwa akamwambia taratibu. Kiangazi hiki hakuna mnyama aliyebaki. Watoto wote wa nyumba tatu wanakula kutoka kwenye lori lile na wanasoma kutoka kwenye lori lile. Nairobi wanaweza kumpasua akafa mezani, na hapo kutakuwa hakuna mtu na hakuna lori. Yeye amekula miaka yake. "Ngamia wa maziwa hachinjwi kumponya mzee," akasema. "Hata wewe ungekuwa mimi ungekataa."

"Lakini wote wamekubali, kaka."

"Wote bado mmoja. Au siyo, Karani?"

Mama akasema ndiyo. Ndivyo ilivyo.

"Mkutanoni mngenishinda," baba mkubwa akasema. "Mikono mitatu kwa mmoja. Lakini hii inataka wote." Akamrudishia baba karatasi, nayo kwa mikono miwili.

Baba alitoka nje akasimama nyuma ya lori. Nilimwona akilipiga teke gurudumu, si kwa nguvu.

Mama hakupoteza wakati. Palikuwa na ofisi ya kanisa karibu na soko, na katekista alimruhusu atumie taipureta yao, mashine ya zamani inayoruka herufi ya e. Alipiga notisi ya mkutano wa wanachama: ajenda ni kuuza lori, mahali ni nyumbani kwa mwenyekiti, siku ni ya kwanza inayoruhusiwa baada ya zile wiki tatu. Mkutanoni wengi wangetosha. Alipiga nakala nne na kuzijaza e kwa kalamu. Nilimsaidia kujaza. Hapo ndipo aliposema jambo ambalo hakulirudia tena. Alisema tungekuja hapa kwanza, wiki hizi zingekuwa zimeshapita. Aliiambia taipureta, hakuniambia mimi.

Mwanachama lazima apewe notisi yake, hata kama ndiye anayepigiwa kura. Mama akampelekea baba mkubwa nakala na kumwomba atie sahihi ya kupokea.

"Hii nitatia," akasema, akatia kwa mbwembwe. "Nitakuja mnishinde nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Nitavaa koti."

Hata mama mkubwa alicheka. Alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni.

Wiki ya kwanza ilipita, na ya pili ikaanza. Mama alirudi Lodwar kazini, nikabaki Kakuma, ingawa shule zilikuwa zimefunguliwa, kumsaidia mama mkubwa dukani, kwa sababu yeye alishinda upande wa mgonjwa. Kisha maumivu yakaongezeka na baba mkubwa akarudishwa wodini. Baba akamwita mama kwa redio ya misheni, naye akaja na gari la asubuhi.

Nilikuwepo lilipotokea hili. Ilikuwa mchana, wodi ina joto, na wagonjwa wengine wamelala na mdomo wazi. Baba mkubwa alikuwa amechomwa sindano ya maumivu na alikuwa usingizini, mkono wake wa kulia umening'inia kitandani. Mama mkubwa alikuwa ameenda kuchota maji. Baba alimwambia mama afungue mkoba. Mle mlikuwa na ile karatasi ya azimio, na pia kile kibati cha wino ambacho mama hutembea nacho kwa ajili ya wale wasiojua kuandika.

"Kidole tu," baba akasema. "Mgonjwa haandiki, anabonyeza. Nani atashangaa?"

Mama hakufungua mkoba.

"Kesho nitakuwa Loki na nakala yako. Keshokutwa fedha. Tunamweka kwenye ndege, akiamka yuko Nairobi. Akasirike huko, akiwa hai."

"Akili zake bado anazo," mama akasema. "Amesema hapana."

"Amesema hapana kwa ajili yetu. Na sisi tunasema ndiyo kwa ajili yake."

"Basi tuseme siku ya mkutano."

"Na asipofika siku ya mkutano?"

Mama alikuwa ameushika mkoba kifuani kwa mikono yote miwili. Alisema ataandikaje kwamba mtu ametia sahihi, aweke tarehe, athibitishe kwa jina lake, na yeye alimwona amelala. Baba akamwambia aandike hivyo hivyo, amekwisha kuandika mangapi ofisini ambayo si kweli. Mama akasema ndiyo, ameandika, lakini hayo alipewa na wakubwa. Hili angeliandika yeye.

Nataka niseme ukweli. Mimi nilitaka afungue. Nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda, na moyoni nilikuwa nasema, fungua, mama, fungua. Sikusema kwa mdomo. Ule mkono ulikuwa karibu sana.

Mama mkubwa akarudi na maji. Baba akakaa chini.

Kifuko kilipasuka siku chache baadaye, asubuhi, baba mkubwa akiwa amekalishwa anywe uji. Nilikuwa dukani. Nilimwona mama mkubwa akija barabarani bila viatu, akitembea katikati kabisa ya njia, magari yakimpisha, nikajua.

Tulimzika. Shangazi alikuja kutoka Kataboi, mzee wa ghala kutoka Loki. Watu wa ukoo walikuwa wengi, na wote walikuwa na swali moja, ambalo walimuuliza baba kwa njia mbalimbali: kwa nini hakupelekwa Nairobi, na nyinyi mna lori? Baba alijibu kwamba mwenyewe alikataa. Wengine waliamini. Wengine waliitikia kwa kichwa namna ile ambayo ni mbaya kuliko kubisha.

Kwa kuwa notisi ilikuwa imeshatoka na siku yenyewe ilikuwa karibu, wanachama watatu walingoja. Wakakaa pale pale palipotajwa kwenye notisi, nyumbani kwa marehemu, kwenye viti vya duka. Mama akasoma ajenda. Akauliza kama kuna anayeleta hoja ya kuuza lori. Shangazi alijifunika uso na kitenge. Mzee wa ghala aliangalia ardhi. Hakuna aliyeleta hoja. Mkutano ulikwisha kabla chai haijachemka. Lori lilikuwa limeegeshwa nje, na watoto wa mtaa walikuwa wakicheza chini yake.

Wengine walipotoka, mama alibaki mezani na daftari la kumbukumbu. Baba akamwambia aandike mkutano wa leo, yatosha. Ile karatasi nyingine aichome. Haikupita, si kitu. Hata wewe ulisema bila sahihi zote ni ya kufungia sukari.

Mama alisema ilizungushwa kwa wanachama. Watatu walitia sahihi, mmoja alikataa. Lililofanyika limefanyika, na kesho mtu wa ukoo akiuliza kampuni ilifanya nini mwenyekiti wake akiwa mgonjwa, jibu litakuwa hapa. Akapaka gundi nyuma ya karatasi, akaibandika, akailainisha kwa ukingo wa mkono. Ile alama ya chozi la shangazi ilikuwa bado inaonekana. Kwenye mstari wa nne aliandika kwa kalamu: "Alisomewa. Alikataa." Kisha akajisahihisha, akakata neno la kwanza na kuandika "Alisoma mwenyewe", akatia herufi za jina lake kando ya masahihisho.

Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. Alikuwa amenyolewa nywele na kichwa chake kilionekana kidogo. Hajui kusoma. Alikuja akavuta kiti, akakaa mbele ya mama.

"Nisomee."

"Dada, yote?"

"Tarehe. Nisomee tarehe tu."

Mama alisoma ya baba, Lodwar. Akasoma ya shangazi, Kataboi. Akasoma ya mzee, Lokichoggio. Mama mkubwa alikuwa akikunja kidole kwa kila moja, akihesabu kwa midomo. Kisha akanyoosha kidole kwenye nafasi iliyokuwa kati ya sahihi ya shangazi na ya mzee wa ghala, karatasi tupu, hakuna kitu.

"Hapa mlikuwa wapi?"

"Hapa tulikuwa kwako," mama akasema. "Tulikunywa chai."

"Na karatasi?"

"Ilikuwa kwenye mkoba."

Mama mkubwa aligeuka akamwangalia baba, si kwa hasira. Alimwangalia kama mteja aliyerudisha kitu dukani na anangoja.

"Angekataa tu," baba akasema. "Hata siku ile angekataa."

"Angekataa. Lakini angekataa mapema. Mkutano wenu ungekaa akiwa na koti lake." Akamgeukia mama. "Mbona hapo hujaandika?"

Mama alisema katika daftari hili huandikwa yaliyoamuliwa na kampuni, si safari wala chai.

"Basi kumpita hamkuamua? Ilitokea tu?"

Nje mtu alikuwa akibisha dirisha la duka, akiuliza kama kuna sabuni, na hakuna aliyemwendea. Baba alikuwa na kofia mkononi. Aliizungusha mara kadhaa.

"Niliamua mimi," akasema. "Mke wangu alitaka tuanzie hapa. Mimi nikasema mkubwa awe wa mwisho." Halafu akamwambia mama, "Andika."

Mama aliandika chini ya karatasi iliyobandikwa, mistari miwili, kwa mwandiko wake wa ofisini, kwamba karatasi ilifika Kakuma safari ya kwanza na haikuonyeshwa kwa mwenyekiti, kwa uamuzi wa mwanachama anayetia sahihi hapa. Alisoma kwa sauti ili mama mkubwa asikie. Mama mkubwa akasema asome tena. Akasoma tena.

Baba aliinama juu ya daftari na kalamu, akauliza atie wapi. Mama akamwonyesha kwa kidole.